Msaada wakuu: kufungia skrini za siri kwa kidole/uso, simu nyingine zinagoma, mbadala niweke upi?

Fundi_Skrini

Wakuu habari zenu. Naomba ushauri kwa wanaoijua Android kwa undani. Natengeneza apu ya wafanyakazi wa kampuni moja, ndani kuna mambo ya kawaida tu kama ratiba na maombi ya likizo, hayo hayana shida, ila kuna skrini mbili ambazo sitaki mtu aliyeokota simu au aliyeazimwa simu aziguse. Ya kwanza inaonyesha hati ya mshahara, ya pili ni ya kubadilisha namba ya akaunti ya benki unakoingia mshahara. Zote mbili nimeziwekea BiometricPrompt, mtu akibofya anaombwa kidole au uso na akishindwa anatumia pini ya simu yake. Kodi ni hii:

```kotlin
val info = BiometricPrompt.PromptInfo.Builder()
    .setTitle("Thibitisha ni wewe")
    .setAllowedAuthenticators(BIOMETRIC_STRONG or DEVICE_CREDENTIAL)
    .build()
```

Kwenye simu yangu inafanya kazi vizuri kabisa. Shida imeanza nilipowapa watu wajaribu. Wenye Android 9 na 10 apu inajifunga yenyewe pale pale wakibofya. Halafu kuna watu wanafungua simu zao kwa uso kila siku, lakini kwenye apu yangu uso hauombwi kabisa, inawapeleka moja kwa moja kwenye pini, na wanalalamika kwamba apu ni mbovu. Na wapo ambao simu haina sensa ya kidole na hata kufuli la simu hawajaweka, hao sijui niwafanyeje maana siwezi kuwanyima hati yao ya mshahara. Nataka nijue mbadala sahihi ni upi pale kidole na uso vinapokosekana.

Mtazamaji

Mkuu hiyo mbona rahisi, simu nyingi siku hizi zina kufuli la apu kwenye mipangilio, unaingia sehemu ya usalama unachagua apu unayotaka kufunga basi, ukiifungua inakuomba kidole. Mi nimefunga picha zangu na meseji zote hivyo.

Fundi_Skrini

Asante ndugu yangu, ila hiyo anaiweka mwenye simu mwenyewe na inafunga apu nzima. Mimi nataka apu ifunguke kawaida, skrini hizo mbili tu ndizo ziulize.

KodiHaraka

Hiyo ya kujifunga kwenye Android 10 ishakuwa maarufu, soma logi utaona imeandika IllegalArgumentException. Zungushia try/catch, ikirusha kosa mruhusu mtu apite, maana simu yenyewe ndiyo imeshindwa, sio yeye. Na kwenye onAuthenticationFailed mpeleke kwenye pini yako ya ndani ya apu, mtu akigusa kidole kikakataa anaona pini hapo hapo hasubiri. Mi nimefanya hivyo kwenye apu ya wateja na hakuna aliyelalamika.

Bi_Kufuli

KodiHaraka kosa umelitambua sawa lakini dawa uliyotoa inafungua mlango wote. Ukimruhusu mtu apite kila simu inaposhindwa basi kufuli lako halipo kwenye Android 9 na 10 zote, na atakayefaidika ni yule yule mwenye simu ya kuokota. Kanuni ya kufuli ni kwamba jambo usilolitegemea likitokea skrini inabaki imefungwa, halafu unampa mtu njia nyingine ya kujithibitisha. Ukimya wa wateja nao hauthibitishi kitu, aliyepitishwa bila kuulizwa hawezi kulalamika.

Sasa Fundi_Skrini, nakujibu moja moja.

Kujifunga kunatokana na mchanganyiko wenyewe. BIOMETRIC_STRONG pamoja na DEVICE_CREDENTIAL haukubaliki kwenye API 28 na 29, yaani hizo Android 9 na 10 zako, na build() ndiyo inayorusha kosa kabla kidirisha hakijatokea. Logi itakuwa imesema "Authenticator combination is unsupported on API 29". Ukitumia BIOMETRIC_WEAK or DEVICE_CREDENTIAL inakubaliwa kote na kujifunga kutaisha. Ila usiende kubadilisha kote kwanza, subiri nifike kwenye skrini ya benki.

La uso, sio apu mbovu na sio wewe. Android inagawa sensa kwa madaraja matatu kulingana na urahisi wa kuidanganya kwa picha, kinyago au kidole cha kuigiza. Daraja la 3, ambalo ndilo STRONG, lisidanganywe zaidi ya asilimia 7 ya majaribio, la 2 lisivuke asilimia 20, likizidi hapo ni daraja la 1. Simu nyingi zinasoma uso kwa kamera ya kawaida ya mbele, kwa hiyo uso wake unaangukia daraja la 1, na daraja hilo linaruhusiwa kufungua simu lakini apu haipewi kabisa. Uso wa daraja la 2 utaupata ukiomba WEAK. Wa daraja la 1 hata uandike nini hautakuja. Kwa hiyo jitahidi kwenye maneno ya skrini, usimwandikie mtu "hujasajili uso wako" wakati amesajili na anautumia kila asubuhi, mwandikie kwamba uso wa simu hii hauwezi kutumika hapa, tumia pini ya simu.

Mpiga_Lipu

Naomba niingilie, mimi sio mtu wa kodi ni mtumiaji tu. Kazi yangu ni ya saruji, vidole vyangu vimeisha mistari. Kazini wametuletea apu kama hiyo unayosema, naweka kidole kinakataa, naweka tena kinakataa, baadaye inaniambia nimejaribu mara nyingi nisubiri, halafu kidirisha kinapotea narudi nilipokuwa na hakuna sehemu yoyote ya kuandika kitu kingine. Hata simu yenyewe nayo wakati huo haikubali kidole inataka patani. Kwa hiyo mshahara wangu naomba mwenzangu wa ofisini aniangalizie. Ukitengeneza yako tukumbuke na sisi.

Bi_Kufuli

Pole sana ndugu, na umeeleza vizuri kuliko ripoti nyingi za wataalamu. Hicho ndicho kinachotokea: vidole vitano vikikataliwa mfululizo sensa inafungwa kwa sekunde 30, apu inapewa ERROR_LOCKOUT na kidirisha kinafungwa. Mtu akiendelea kukosea inafika ERROR_LOCKOUT_PERMANENT, hapo hakuna kidole kitakachokubaliwa mpaka aweke pini au patani ya simu. Na kufungwa huko ni kwa simu nzima, ndiyo maana hata skrini ya kufungulia simu ilikugomea. Aliyetengeneza apu yenu hakuweka njia yoyote baada ya kosa hilo.

Fundi_Skrini hapa ndipo onAuthenticationFailed inapowapoteza wengi. Hiyo inaitwa kila kidole kimoja kisipotambulika, na kidirisha bado kipo wazi, mtu anaweza kugusa tena. Ukifungua pini yako pale unakuwa na kidirisha cha mfumo juu na skrini yako chini, na mtu aliyegusa kwa kidole chenye maji mara moja tu anatolewa kwenye njia rahisi. Iache, usiandike kitu pale, mfumo wenyewe unamwambia hakijatambulika. Uamuzi wote uweke kwenye onAuthenticationError, hapo ndipo kidirisha kimefungwa kweli, na uangalie kimefungwa kwa sababu gani:

```kotlin
override fun onAuthenticationError(kosa: Int, ujumbe: CharSequence) {
    when (kosa) {
        BiometricPrompt.ERROR_NEGATIVE_BUTTON,
        BiometricPrompt.ERROR_LOCKOUT,
        BiometricPrompt.ERROR_LOCKOUT_PERMANENT,
        BiometricPrompt.ERROR_NO_BIOMETRICS,
        BiometricPrompt.ERROR_HW_UNAVAILABLE -> funguaNywila()
        else -> rudiNyuma()
    }
}
```

Aliyebofya nyuma mwenyewe (ERROR_USER_CANCELED) kaghairi, mrudishe alikotoka, usimfukuze na skrini ya nywila. ERROR_CANCELED ni mfumo umekinyang'anya kidirisha, mfano simu imezimika skrini, naye mrudishe tu.

Na usitegemee canAuthenticate() ikwambie sensa imefungwa. Yenyewe inajibu kama sensa ipo na kama kuna kidole kilichosajiliwa, mtu akiwa kwenye zile sekunde 30 bado itakujibu BIOMETRIC_SUCCESS. Utajua tu ukishafungua kidirisha.

Fundi_Skrini

Dada nashukuru sana, hii ya Failed na Error ndiyo ilikuwa inanichanganya. Kwa hiyo nikiweka WEAK or DEVICE_CREDENTIAL kote, Android 9 na 10 zimepona, wa uso baadhi watapata uso, Mpiga_Lipu anatumia patani yake. Kuna haja gani tena ya kuhangaika na skrini ya benki?

Mzee_wa_Seva

Haja ipo. Jiulize nani anajua pini ya simu ya mfanyakazi wako. Mke au mume anajua, watoto wanajua kwa sababu wanacheza gemu, na anayetaka kuiba simu kwa mpango anaweza kusimama nyuma yako akaiangalia ukiiweka. Wewe umeweka kidole halafu chini yake umeweka pini ya simu, maana yake yeyote mwenye pini anabadilisha akaunti ya mshahara. Kidole hapo kinaharakisha tu, hakiongezi ulinzi wowote juu ya ule wa pini. Mimi ningesema kwenye hiyo skrini ondoa pini ya simu kabisa.

KodiHaraka

Lakini basi abaki na kidole tu, STRONG peke yake. Mwenye pini hana kidole, kesi imeisha.

Bi_Kufuli

Haijaisha KodiHaraka. Mwenye pini anaingia kwenye mipangilio ya simu, anasajili kidole chake kwa kutumia hiyo hiyo pini, anarudi kwenye apu na kidole chake kinakubaliwa, maana BiometricPrompt haijui kidole ni cha nani, inajua tu kwamba kimesajiliwa kwenye simu hii. Ni jambo la dakika moja na simu haikusimulii chochote baadaye.

Dawa yake ni kufunga kidole na ufunguo. Kwenye Keystore ya Android unatengeneza ufunguo ambao hautumiki bila kidole, na unaofutika akiongezwa kidole kipya:

```kotlin
KeyGenParameterSpec.Builder("mshahara", KeyProperties.PURPOSE_SIGN)
    .setAlgorithmParameterSpec(ECGenParameterSpec("secp256r1"))
    .setDigests(KeyProperties.DIGEST_SHA256)
    .setUserAuthenticationRequired(true)
    .setInvalidatedByBiometricEnrollment(true)
    .build()
```

Nakupa mwendo mzima kwa skrini yako ya benki. Siku mfanyakazi anaingia kwenye apu kwa nywila yake, unatengeneza ufunguo huo, nusu ya wazi unaipeleka kwenye seva na nusu ya siri haitoki kwenye simu. Siku anabadilisha akaunti, seva inamtumia tarakimu za bahati nasibu pamoja na namba mpya ya akaunti, apu inaandaa Signature, inaifunga ndani ya CryptoObject na kuipa BiometricPrompt, anagusa kidole, ndipo sahihi inatoka na kurudi kwa seva. Seva ikiona sahihi inaendana ndiyo inabadilisha. Hapo hata mtu akiwa na simu iliyoruutiwa na akailazimisha apu iamini kwamba onAuthenticationSucceeded imeitwa, hapati kitu, kwa sababu sahihi haipo. Kwa mtindo wako wa sasa angepita, kwa kuwa apu inaambiwa "amefaulu" tu na inaamini.

CryptoObject inataka STRONG, WEAK inakataliwa. Na ukiondoa DEVICE_CREDENTIAL lazima uweke setNegativeButtonText, ukiiacha build() inarusha kosa, wakati ukiwa na DEVICE_CREDENTIAL ni kinyume chake, ukiiweka ndipo inarusha. Hicho kitufe ndicho mlango wako wa mbadala, kiandike "Tumia nywila ya apu".

Mtu mwingine akisajili kidole, siku utakapoita initSign() utapata KeyPermanentlyInvalidatedException. Huo sio ubovu wa kuufunika kwa try/catch na kutengeneza ufunguo mwingine kimya kimya, ukifanya hivyo umemtengenezea mwizi ufunguo wake. Futa ufunguo wa zamani, mwambie mtu kwamba vidole vya simu vimebadilika, aingize nywila ya apu, seva ikimkubali ndipo utengeneze mpya. Wengi watakaokutana nalo ni watu wema waliosajili kidole cha pili, kwa hiyo maneno yawe ya upole.

Fundi_Skrini

Sasa nimeelewa kwa nini uliniambia nisibadilishe kote. Kwa hiyo hati ya mshahara inabaki WEAK or DEVICE_CREDENTIAL, na benki inakuwa STRONG yenye ufunguo na nywila ya apu kama mbadala. Kwa asiyekuwa na sensa na asiyekuwa na kufuli la simu?

Bi_Kufuli

Kwa skrini ya benki huyo anaenda kwenye nywila ya apu moja kwa moja, inayohakikiwa na seva na seva ihesabu makosa, sio apu, maana apu ukiifuta na kuiweka upya inaanza hesabu sifuri. Usijaribu hata kumtengenezea ufunguo, asipokuwa na kidole chochote Keystore itakataa, uliza canAuthenticate(BIOMETRIC_STRONG) kwanza.

Kwa hati ya mshahara ukijibiwa BIOMETRIC_ERROR_NONE_ENROLLED mpe vitufe viwili, kimoja cha kwenda kuweka kufuli la simu (kuanzia Android 11 ipo Settings.ACTION_BIOMETRIC_ENROLL inayompeleka pale pale, chini ya hapo mpeleke mipangilio ya usalama) na kingine cha nywila ya apu. Asilazimishwe kuweka kufuli, simu ni yake.

Na kwa hati hiyo hiyo weka FLAG_SECURE kwenye dirisha, la sivyo mtu akibofya kitufe cha apu za karibuni ataona picha ya mshahara bila kuulizwa chochote.

Mzee_wa_Seva

Yote sawa ila mimi bado nina donge na hiyo nywila ya apu. Mtu anaiandika siku ya kwanza, baada ya hapo anagusa kidole miezi na miezi. Siku kidole kinakataa haikumbuki. Anabofya "nimesahau nywila", seva inamtumia meseji yenye namba, meseji inaingia kwenye simu hiyo hiyo iliyo mkononi mwa mwizi. Tumezunguka kote tumerudi kwenye pini ya simu.

Mpiga_Lipu

Ni kweli mimi nywila ya ile apu siikumbuki hata herufi moja, na vidole ndiyo hivyo.

Bi_Kufuli

Mzee hapo umegusa penyewe, na sina jibu litakaloridhisha kila mtu. Ninachofanya mimi ni kutenganisha: kurejesha nywila kunakurudishia kuingia kwenye apu na kuona hati, lakini kubadilisha akaunti kunafungwa saa 72 baada ya nywila kurejeshwa au baada ya ufunguo mpya kutengenezwa, na taarifa inaenda kwa barua pepe ya kazini papo hapo. Saa 72 ni uamuzi wangu tu, mwingine anaweza kuweka zaidi. Wapo wanaomtaka mtu aende ofisini na kitambulisho, ni salama zaidi lakini ni mateso kwa aliye mbali.

Mzee_wa_Seva

Mimi ni wa ofisini na kitambulisho. Akaunti ya mshahara mtu habadilishi kila wiki, akisumbuka mara moja hadhuriki. Na hizo saa 72 zikiangukia siku ya malipo je? Mwizi ana subira kuliko unavyodhani, na barua pepe nayo ipo wazi ndani ya simu.

KodiHaraka

Mimi nabaki kwamba kwa apu ya wafanyakazi hii ya sahihi ni kubwa mno, ila ile ya kumpitisha mtu kosa likitokea nimeelewa, naenda kuitoa. Swali, mnatesti vipi hizo sekunde 30 bila kukaa unagusa kidole kibaya kutwa?

Bi_Kufuli

Tumia emuleta, sajili kidole namba 1 kwenye mipangilio yake, halafu kwenye terminali gusa kwa namba ambayo haijasajiliwa:

```
adb -e emu finger touch 2
```

Rudia mpaka kidirisha kifungwe, uone apu yako inakwenda kwenye nywila au inabaki kama ya Mpiga_Lipu. Kisha sajili kidole cha pili ukiwa tayari na ufunguo, rudi kwenye apu, uone kama inaomba nywila. Hayo mawili ndiyo ninayoanza nayo kwenye apu yoyote. Uso wa daraja la 1 hautaupata kwenye emuleta, tafuta simu halisi.

Fundi_Skrini

Wakuu nimejaribu hati ya mshahara kwenye Android 10 na WEAK or DEVICE_CREDENTIAL, haijifungi tena, na mmoja wa wale wa uso ameombwa uso, wengine wanapata pini na maneno mapya. Ya benki naanza nayo kesho na ufunguo. Hili la saa 72 au kwenda ofisini nitalipeleka kwa watu wa mishahara wenyewe, wao ndio watakaopigiwa simu. Kama kuna aliyewahi kuendesha moja kati ya hizo mbili kwa wafanyakazi wengi naomba aseme ilikwendaje.